Chumvi Inayovuta Maji: Mkojo Unakolea Wapi?

Mwili wa binadamu una pampu za kila aina. Zipo za sodiamu, za potasiamu, za kalsiamu, hata za asidi. Ya maji haipo. Hakuna seli inayoweza kuyashika maji na kuyasukuma upande inaoutaka. Maji hufuata tu: penye chumvi nyingi ndiko yanakokwenda, mradi ukuta ulio katikati unayaruhusu kupita. Kwa hiyo figo inapotaka kuyaokoa maji yasimwagike na mkojo, njia yake ni moja. Inabidi itengeneze ndani yake mahali penye ukali kuliko damu, kisha ipitishe mkojo kando ya mahali hapo.

Watengeneza ng'onda wa pwani wanalijua nusu ya jambo hili. Samaki akishapasuliwa na kupakwa chumvi, maji humtoka yenyewe bila kukamuliwa. Lakini mtengeneza ng'onda ana chumvi yake kwenye ndoo, na figo haina ndoo. Inapokea damu ile ile inayokwenda kwenye ini na mkononi, na kutokana na damu hiyo isiyo na ukali wowote wa ajabu inajenga katikati yake sehemu iliyokolea mara 4 kuliko damu yenyewe. Chumvi hiyo inarundikwaje?

Tupate kwanza kipimo. Madaktari hupima ukolevu wa majimaji ya mwili kwa miliosmoli, yaani hesabu ya chembe zote zilizoyeyuka ndani ya kilo moja ya maji, iwe ni chumvi, urea au sukari. Damu ina kama 290. Nitaandika 300 ili hesabu ziwe nyepesi. Mkojo wa mtu mzima mwenye afya aliyenyimwa maji unaweza kufika 1,200, na wa mtu aliyekunywa maji kupita kiasi unaweza kushuka hadi 50.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Mtu mzima mwenye mlo wa kawaida huwa na uchafu na chumvi za kutoa kwa siku zinazofika miliosmoli 600 hivi. Lazima zitoke, na haziwezi kutoka zikiwa kavu. Figo ikiweza kukoleza hadi 1,200, mzigo wote huo unatoka na nusu lita ya maji. Ikishindwa kuvuka ukolevu wa damu, yaani 300, mzigo ule ule unahitaji lita 2. Ikikwama kwenye 50, ni lita 12. Shika hesabu hii, maana tutairudia tukifika kwa wagonjwa.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja, na kila kichujio kina mrija wake mrefu. Kwa pamoja vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku. Theluthi mbili hivi hurudishwa mapema, katika sehemu ya kwanza ya mrija, bila ufundi mkubwa: chumvi inarudi, maji yanaifuata, na ukolevu unabaki ule ule wa damu. Sehemu inayofuata ndiyo ya ajabu. Mrija unaondoka kwenye gamba la nje la figo, unashuka moja kwa moja kuelekea kiini chake, unakunja kona kali, kisha unapanda kurudi ulikotoka, mkono mmoja kando ya mwenzake. Mwanatomia wa Kijerumani Jakob Henle ndiye aliyeueleza umbo hilo mwaka 1862, na hadi leo sehemu hiyo inaitwa kitanzi cha Henle. Yeye aliona umbo tu. Kazi yake haikujulikana kwa miaka karibu 80.

Aliyefumbua fumbo hakuwa daktari. Werner Kuhn alikuwa mkemia wa Basel, Uswisi, na wakemia wa kariba yake walikuwa wamezoea vyombo ambamo mikondo miwili inapita sambamba kuelekea pande tofauti, ili tofauti ndogo kati ya mikondo hiyo ikuzwe hatua kwa hatua. Alipoutazama mrija uliojikunja, mmoja unashuka na mwingine unapanda, alikitambua chombo chake. Mwaka 1942 aliandika kwamba kitanzi hicho ni kikuzaji cha mikondo inayopishana. Wataalamu wengi wa figo hawakuwa na haraka ya kumwamini.

Ili wazo lifanye kazi, kuta za mikono miwili zinapaswa kuwa na tabia tofauti, na kweli zinazo. Mkono unaoshuka una ukuta unaoruhusu maji kupita kwa urahisi. Mkono unaopanda, hasa sehemu yake nene ya juu, hauruhusu hata tone, lakini seli zake zinafanya kazi kubwa ya kutoa chumvi: zinaibeba sodiamu, potasiamu na kloridi kwa pamoja kutoka ndani ya mrija, na sodiamu na kloridi huishia nje, kwenye nyama laini inayozunguka mirija. Hata hivyo nguvu yao ina kikomo. Seli hizo zinaweza kutengeneza tofauti ya takriban miliosmoli 200 kati ya ndani ya mrija na nje yake. Zikifika hapo, chumvi inavuja kurudi kwa kasi ile ile inayotolewa.

Hizo 200 tu ndizo mtaji wote. Tuone zinavyozaa.

Tuseme kila mahali pana 300: mkono unaoshuka, unaopanda, na nyama iliyo kati yao. Sasa seli za mkono unaopanda zinaanza kazi. Ndani ya mkono huo chumvi inashuka hadi 200, na nje inapanda hadi 400. Mkono unaoshuka, ambao ukuta wake unapitisha maji, hauwezi kubaki kwenye 300 wakati jirani yake ni 400. Unapoteza maji hadi nao unafika 400. Kama majimaji yangesimama hapo, mchezo ungeishia hapo: tofauti ya 200 na basi.

Lakini hayasimami. Majimaji mapya ya 300 yanaingia kutoka juu na kuyasukuma yaliyotangulia. Yale yaliyokuwa 400 kwenye mkono unaoshuka yanapita kona na kuingia sehemu ya chini ya mkono unaopanda. Hapo ndipo penye siri. Seli za sehemu hiyo ya chini sasa hazianzii kwenye 300, zinaanzia kwenye 400. Zinatoa chumvi tena, kwa nguvu ile ile ya 200, na safari hii ndani inakuwa 300 na nje inafika 500. Kule juu, ambako majimaji mapya yameingia, nje ni kama 350 tu. Kwa raundi mbili tumepata kitu ambacho hakikuwepo: chini pamekolea kuliko juu. Raundi ya tatu itayasukuma yale ya 500 kupita kona, na seli za chini zitaanzia juu zaidi. Hakuna seli hata moja iliyoongeza nguvu. Kila moja inashindana na tofauti yake ndogo ya 200. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia.

Mwilini raundi hizi hazitengani. Kutoa chumvi na kusukumwa kwa majimaji vinakwenda pamoja usiku na mchana, na mwisho wake ni ngazi ya ukolevu inayoanzia 300 kwenye gamba la nje na kufika 1,200 kwenye ncha za ndani kabisa za figo. Urefu wa kitanzi ndio unaoamua ngazi ifike wapi. Vitanzi vingi vya binadamu ni vifupi. Ni sehemu ndogo tu, kama 15 kwa kila 100, inayoteremka hadi ndani kabisa. Panya wa jangwani, mwenye vitanzi virefu kwa kulinganisha na udogo wa figo yake, hukoleza mkojo mara kadhaa kuliko sisi. Biva, yule mnyama wa mitoni wa Amerika Kaskazini asiyejua shida ya maji, ana vitanzi vifupi vitupu na mkojo wake haufiki hata 700.

Ushahidi ulikuja mwaka 1951. Huko huko Basel, Heinrich Wirz na wenzake walizigandisha figo za panya, wakazikata vipande vyembamba, wakatazama chini ya hadubini barafu inavyoyeyuka. Maji yenye chumvi huyeyuka kwenye baridi kali zaidi kuliko maji matupu, kwa hiyo joto la kuyeyuka linaonyesha ukolevu. Gambani barafu iliyeyuka sawasawa na ya damu. Kadiri walivyotazama ndani zaidi, ndivyo chumvi ilivyoongezeka, na kwenye kina kimoja mirija yote ilikuwa na ukolevu unaofanana.

Uliobaki ni ushahidi ambao mimi nauona mzuri kuliko wote, kwa sababu unapingana na matarajio. Carl Gottschalk na Margaret Mylle wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitumia sindano nyembamba za kioo kunyonya majimaji kutoka kwenye mirija ya panya hai, na wakachapisha matokeo yao mwaka 1959. Majimaji yanayotoka juu ya kitanzi, baada ya safari yote ile ya kushuka na kupanda, yalikuwa mepesi kuliko damu. Hata panya alipokuwa na kiu na mkojo wake umekolea sana, majimaji hayo yalikuwa mepesi. Ndivyo inavyopaswa kuwa: mkono unaopanda umetoa chumvi na kuyazuia maji. Kitanzi cha Henle, basi, hakikolezi mkojo. Kinakoleza mtaa unaokizunguka, na mkojo wenyewe kinautoa ukiwa umepoa, kama 100 hivi.

Anayekoleza mkojo ni mwingine. Majimaji yale mepesi yanaingia kwenye mfereji wa kukusanya, unaopokea kutoka kwenye mirija mingi na kushuka, kwa mara ya mwisho, kupita katikati ya mtaa ule ule wenye chumvi hadi ncha ya figo. Mfereji huu una ukuta unaobadilika. Ukifungwa, maji yanabaki ndani na mtu anakojoa mkojo mwepesi mwingi. Ukifunguliwa, maji yanavutwa nje na ile chumvi, na kinachobaki ndani kinakolea hadi kulingana na nje.

Funguo iko kichwani. Damu ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, seli za haipothalamasi zinahisi, na tezi ya pituitari inatoa homoni ya vasopresini. Homoni hiyo inafika kwenye seli za mfereji, na ndani ya dakika chache seli zinasogeza hadi kwenye ukuta wao vifuko vidogo vyenye akwaporini, yaani protini zilizo na tundu jembamba linalopitisha maji peke yake. Peter Agre, aliyezigundua protini za jamii hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003. Homoni ikiondoka, vifuko vinarudishwa ndani na ukuta unaziba tena. Pombe huizuia vasopresini, na ndiyo maana mnywaji huenda chooni mara nyingi kuliko bia aliyokunywa inavyostahili.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kama maji yote ya mfereji yangevutwa nje huko ndani kabisa, yangeiosha ile chumvi iliyorundikwa kwa taabu na ngazi ingeporomoka. Figo inaliepuka hilo kwa kufanya sehemu kubwa ya kazi mapema. Mfereji ukiwa bado gambani, majimaji ya 100 yanapoteza maji hadi kulingana na damu ya pale, 300, na hapo hapo ujazo wake umeshapungua hadi theluthi au chini yake. Yanayoteremka ndani ni machache, na maji yanayotoka huko ni machache pia.

Chumvi ya mezani nayo haifanyi kazi peke yake. Karibu nusu ya ukolevu wa sehemu za ndani kabisa unatokana na urea, taka inayotengenezwa na ini kutokana na protini. Mwisho wa mfereji unairuhusu urea kuvuja kwenda nje, nyingine inaingia tena kwenye vitanzi, na hivyo inazunguka na kurundikana. Kwa sababu hiyo mtu aliyekaa majuma kwa ugali mtupu bila maharage wala dagaa anakoleza mkojo vibaya kuliko kawaida, ingawa figo zake hazina ugonjwa. Na kwa sababu hiyo hiyo maji ya bahari hayamsaidii mvuvi aliyepotea baharini. Bahari ina kama 1,000, chini ya 1,200 zetu, na mtu angedhani pana faida. Lakini takriban nusu ya zile 1,200 ni nafasi ya urea. Kwa upande wa chumvi figo inaishia kama 600, kwa hiyo lita moja ya bahari inadai zaidi ya lita moja na nusu ya mkojo. Inayobaki inatolewa kwenye maji ya mwili.

Sasa damu. Nyama ya ndani ya figo ni hai, inahitaji oksijeni, na damu inayopita kwa kawaida ingeibeba chumvi yote na kuondoka nayo. Mishipa ya pale nayo imejikunja kama vitanzi. Damu ikishuka inachukua chumvi na kupoteza maji. Ikipanda inairudisha chumvi na kuyachukua maji, na inatoka ikiwa imekolea kidogo tu kuliko ilivyoingia. Mbinu hiyo inafaa pale tu damu inapokwenda polepole na ikiwa kidogo. Sehemu za ndani kabisa hupata asilimia 1 au 2 tu ya damu inayoingia kwenye figo, na oksijeni ya huko ni ya kubahatisha hata kwa mtu mzima wa afya.

Mfumo huu unaweza kuharibika kwenye kila kiungo chake, na kila uharibifu una alama yake. Dawa ya furosemaidi, ambayo wengi huiita Lasiksi na hupewa watu waliovimba miguu kwa sababu ya moyo, inaziba mlango wa chumvi katika mkono unaopanda. Mtaji wa 200 unapotea. Ngazi inaporomoka, na mkojo unatoka mwingi ukiwa karibu na ukolevu wa damu, awe mgonjwa ana kiu au hana. Pale ambapo vasopresini haitolewi na ubongo, ngazi iko salama lakini mfereji haufunguki, na mgonjwa anaweza kukojoa lita 10 kwa siku. Madaktari humzuia maji kwa saa kadhaa chini ya uangalizi, kisha humpa dawa inayofanana na homoni hiyo. Mkojo ukikolea, kasoro iko kichwani. Usipokolea, iko kwenye figo zenyewe, kama inavyotokea kwa baadhi ya wanaotumia lithiamu kwa miaka.

Ugonjwa unaotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao. Chembe nyekundu za mgonjwa hujikunja umbo la mundu zinapokosa oksijeni na zinapopoteza maji. Hebu tazama zinakopita: mishipa ile ya ndani ya figo, damu polepole, oksijeni kidogo, na chumvi kali inayozinyonya maji. Hakuna mahali pengine mwilini palipokusanya masharti hayo matatu kwa ukamilifu namna hiyo. Chembe zinakunjana, mishipa inaziba, na vitanzi virefu vinavyotegemea mishipa hiyo vinakufa kimoja baada ya kingine. Vile vifupi, vilivyo karibu na gamba, vinabaki. Kwa hiyo mgonjwa bado anaweza kutoa mkojo mwepesi kabisa akinywa maji mengi. Anachopoteza ni uwezo wa kukoleza, na mara nyingi hukwama kwenye 400 au 450.

Turudi kwenye hesabu. Mzigo wa 600 kwa ukolevu wa 400 unahitaji lita moja na nusu. Jirani yake mwenye afya, siku ya joto bila maji, angetumia nusu lita. Mgonjwa wa selimundu anapoteza lita nzima zaidi kwa siku, hata kama hajanywa chochote, na kupungua kwa maji ndiko kunakozifanya chembe zake zijikunje na kumletea maumivu. Usiku hesabu ni ile ile: theluthi ya mzigo, 200, inatoka na nusu lita, kiasi kinachokaribia kujaza kibofu cha mtu mzima. Mtoto wa selimundu anayekojoa kitandani hadi umri mkubwa hana uvivu wala ukaidi, na kumnyima maji jioni ni kumhatarisha. Vasopresini haimsaidii sana, kwa sababu anayo ya kutosha. Anachokosa ni ngazi.

Kwa watoto wadogo, kuongezewa damu kumewahi kuonekana kurudisha uwezo huo kwa muda, maana mishipa bado ipo na inachohitaji ni chembe zisizojikunja. Baada ya miaka 10 hadi 15 hivi ya umri, damu mpya hairudishi kitu. Mishipa imekwisha.

Kwenye zahanati hili linaonekana kwa kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo, kwenye kile kisanduku cha uzito. Mtu mwenye afya aliyeishiwa maji atasoma 1.025 au 1.030. Mgonjwa wa selimundu aliyeishiwa maji vile vile mara nyingi husoma karibu na 1.010, na mkojo wake ni mweupe. Muuguzi akiutazama mkojo huo na kuamua kwamba mtoto amekunywa vya kutosha, atakosea. Kwake yeye hali ya maji husomwa kwenye ulimi, kwenye ngozi, kwenye mapigo ya moyo na kwenye mizani ya uzito wa mwili.